Mama mdogo, hivi ndivyo tutakavyoomba viza yako ya kuja Leeds ukitokea Kigoma

Shikamoo mama mdogo. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu mambo haya kwenye simu hayakai kichwani, na mtandao ukikatika katikati tunabaki kila mmoja ameelewa lake. Mpe na mdogo wangu asome, maana ndiye atakayekusaidia kupiga picha karatasi.

Unachoomba kinaitwa viza ya mgeni. Kwenye tovuti utaiona kwa jina la Standard Visitor visa. Inakuruhusu kukaa Uingereza hadi miezi sita, bila kufanya kazi. Maombi yanajazwa mtandaoni, kwenye tovuti moja tu ya serikali:

```
www.gov.uk/standard-visitor
```

Akija mtu pale Mwanga au Ujiji akakuambia ana njia ya mkato, au tovuti yake haiishii na gov.uk, achana naye. Ada ya viza yenyewe kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 127, yaani zaidi kidogo ya laki nne za kwetu. Serikali yao huipandisha mara kwa mara, kwa hiyo tutalipa ile itakayoonekana kwenye skrini siku hiyo. Nitailipa mimi kwa kadi yangu huku, inaruhusiwa. Wewe usimpe mtu yeyote hela ya viza mkononi.

Kabla ya yote nakuomba ushike jambo moja. Kwa kawaida anayeamua maombi haya hatakuita wala kukuhoji. Ana fomu na karatasi zako tu mbele yake, anazilinganisha. Fomu ikisema hivi na taarifa ya benki ikasema vile, anakataa, hata kama vyote viwili ni kweli. Ndiyo maana sehemu ya fedha nitaieleza kuliko nyingine zote.

Paspoti kwanza

Kama bado hujaanza, anza wiki hii. Fomu ya paspoti inajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, halafu unaipeleka ofisi yao ya mkoa hapo Kigoma ukiwa na kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na ushahidi wa uraia wa mzazi. Ada ni shilingi 150,000: 20,000 ya fomu inalipwa mwanzo kwa namba ya malipo, na 130,000 inafuata. Kigoma ni mkoa wa mpakani, na suala la uraia linaangaliwa kwa makini, kwa hiyo usiende na cheti chako peke yake. Kama cha marehemu bibi hakipo, uliza pale dirishani wanapokea kiapo cha namna gani, kabla hujamlipa wakili akuandikie.

Hapohapo angalia majina. Yaliyo kwenye NIDA, kwenye paspoti na kwenye akaunti ya benki yawe yaleyale, kwa mpangilio uleule na herufi zilezile. Kama benki uliandikisha majina mawili na NIDA ina matatu, nenda benki wakurekebishie sasa. Ukisubiri hadi taarifa ya miezi sita imeshachapwa na jina lingine, utalazimika kuongeza kiapo cha majina, na kila karatasi ya kuelezea karatasi nyingine inampa afisa swali jipya.

Tarehe

Tumekubaliana uje 10 Agosti na urudi 7 Septemba, wiki nne kamili. Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, kwa hiyo mapema kabisa ni 10 Mei. Nataka tujaze fomu mwishoni mwa Mei, uende Dar wiki ya kwanza ya Juni kuchukuliwa alama za vidole. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu tangu siku ya vidole, lakini msimu wa likizo yanaweza kuchelewa, nasi tutakuwa tumebaki na nafasi ya kutosha. Tiketi ya ndege sitanunua mpaka viza itoke. Hawalazimishi kuwa na tiketi, wanataka tarehe tu.

Najua shangazi wamekushauri uombe miezi sita yote kwa kuwa ada ni ileile. Usifanye hivyo. Mtu mwenye biashara yake akisema ataiacha miezi sita, afisa anajiuliza ni biashara gani hiyo, au kama kweli anarudi. Wiki nne zinaeleweka: kibanda cha Kibirizi kinabaki kwa mdogo wangu, mzigo unaendelea, nawe unarudi kuushika.

Fedha

Fomu itakuuliza unapata kiasi gani kwa mwezi, unatumia kiasi gani, una akiba kiasi gani, safari itagharimu kiasi gani na nani analipa. Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wa kwetu huanguka, kwa sababu ya kuchanganya mauzo na faida.

Chukua hesabu yako ulivyonitajia. Kwa mwezi wa kawaida unanunua dagaa na mawese, ukijumlisha usafiri na ushuru, kwa kama shilingi 3,100,000. Unauza kwa kama 4,000,000. Kinachobaki ni 900,000, na hicho ndicho kipato chako. Ukiandika kwenye fomu kwamba unapata milioni nne, swali linalofuata ni kwa nini akiba yako ni milioni mbili tu. Ukiandika 900,000 bila maelezo, afisa anafungua taarifa ya benki, anakuta milioni nne zimeingia mwezi mmoja, anaandika kwamba chanzo cha fedha hizo hakijulikani. Kwa hiyo tutaandika 900,000 kwenye fomu, kisha tutaweka barua ya ukurasa mmoja yenye hesabu hiyohiyo: mauzo, manunuzi, kinachobaki. Pembeni ya barua tutaweka picha za risiti zako za ushuru na daftari la mauzo la miezi miwili. Daftari la kalamu linafaa, ilimradi tarehe zake ziendane na zilizo benki.

Kwa hiyo kuanzia sasa peleka mauzo benki, hata mara mbili kwa wiki, badala ya kuyazungusha yote mkononi au kwenye simu. Tunahitaji taarifa ya benki ya miezi sita. Kama sehemu ya wateja wanakulipa kwa M-Pesa, omba na taarifa ya M-Pesa ya miezi hiyohiyo. Zile fedha unazotoa kwenye simu na kuziweka benki zitaonekana pande zote mbili, na hiyo inakusaidia sana.

Kuna jambo la ziwa ambalo afisa wa mbali hawezi kulijua. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika. Basi taarifa yako itaonyesha wiki mbili tatu za fedha kuingia mfululizo, halafu kimya cha siku kadhaa, halafu tena. Mtu asiyejua ataona ni fedha zinazoingia bila mpangilio. Sentensi mbili kwenye barua zinatosha kulieleza. Vivyo hivyo ziwa likifungwa, kama lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tutaandika tarehe hizo ili pengo la mauzo liwe na sababu.

Usiazime fedha za watu ukaziweka benki ili salio lipendeze. Ndugu watakushauri hivyo kwa nia njema. Milioni tano ikiingia siku kumi kabla ya maombi kwenye akaunti ambayo salio lake huwa milioni mbili, hiyo ndiyo inayotazamwa kwanza, na wanaikataa kwa maneno yaleyale kila mara. Akiba yako ya 2,400,000 inatosha kabisa, kwa sababu tiketi, malazi na chakula nalipa mimi. Kwenye fomu wewe utaandika kwamba unakuja na 600,000 ya matumizi yako madogo. Mimi nitaweka hati zangu za mshahara, taarifa zangu za benki za miezi sita, mkataba wa nyumba, uthibitisho wa haki yangu ya kuishi huku na barua ya mwaliko. Kiasi nitakachoandika mimi kwenye barua na kile utakachoandika wewe kwenye fomu lazima kiwe kimoja, kwa hiyo usijaze chochote bila mimi kuwa kwenye simu.

Sababu ya kuja

Hapa naomba usikilize vizuri, maana kwa Kiswahili chetu kauli hii haina ubaya wowote. Ukiulizwa unakuja kufanya nini, utasema unakuja kunilea, kunikanda na kumwangalia mtoto. Ikiandikwa hivyo kwa Kiingereza, afisa anasoma kwamba unakuja kufanya kazi ya kulea mtoto, na viza ya mgeni hairuhusu kazi, hata isiyo na mshahara. Wanachoruhusu ni ndugu kutembelea ndugu. Katika kutembelea huko ukimbeba mjukuu au ukanipikia uji, hiyo si kazi.

Kwa hiyo tutaandika ukweli ulivyo: unakuja kumwona binti wa dada yako na mjukuu wako mchanga, kwa wiki nne, utakaa nyumbani kwangu, nami nitakuwa kwenye likizo ya uzazi muda wote huo. Nitaambatanisha barua ya mwajiri wangu inayoonyesha likizo hiyo, ili ionekane wazi kwamba mtoto ana mama yake nyumbani. Ingekuwa nataka ukae miezi mitano nikiwa kazini wewe ukibaki na mtoto, viza hii isingefaa, na nisingekuombea.

Karatasi za kukusanya Kigoma

Za biashara: leseni kutoka Manispaa, namba ya mlipa kodi ya TRA, mkataba wa pango la kibanda na zile risiti. Za makazi: hati au mkataba wa mauziano wa nyumba, na barua ya mtendaji wa mtaa inayosema unaishi pale tangu mwaka gani. Za familia: vyeti vya kuzaliwa vya watoto walio shuleni na barua ya shule ya yule wa kidato cha pili. Hizi za mwisho usizidharau, maana ndizo zinazoonyesha una kitu cha kukurudisha nyumbani.

Undugu wetu nao unahitaji ushahidi. Cheti changu kinaonyesha jina la mama. Tunahitaji cha mama na chako, vyote viwili viwe na majina yaleyale ya babu na bibi. Kama cha mama hakipatikani, hati ya kiapo kutoka kwa wakili itaziba pengo, ila kiapo kiandikwe na mtu anayewafahamu nyote wawili.

Karatasi yoyote ya Kiswahili lazima iende na tafsiri ya Kiingereza. Barua ya mtendaji, mkataba wa kibanda, mkataba wa nyumba, vyote. Mfasiri aandike mwishoni kwamba tafsiri ni sahihi kulingana na hati halisi, aweke tarehe, jina lake kamili, sahihi na mawasiliano yake. Ikikosekana hiyo sehemu ya chini, karatasi inaweza isihesabiwe. Tafsiri na hati yake zibaki pamoja kwenye faili moja.

Cheti cha kupimwa kifua kikuu hakihitajiki kwa ziara isiyozidi miezi sita, kwa hiyo usikubali mtu akutoze kwa hilo. Na usikubali kabisa karatasi ya kutengenezwa, hata kama ni barua ndogo tu ya kujazia. Wana njia ya kupiga simu benki na ofisini kuhakiki. Wakigundua udanganyifu wanaweza kukufungia maombi yako kwa miaka 10.

Kujaza fomu

Tutajaza pamoja jioni mbili, Jumamosi na Jumapili, wewe ukiwa na paspoti na vyeti mkononi. Majibu yanaandikwa kwa Kiingereza, nitaandika mimi, lakini kila jibu nitakusomea kwa Kiswahili ukubali, kwa sababu anayetia saini ni wewe. Tutatumia baruapepe ambayo mdogo wangu anaweza kuifungua, maana kiungo cha kurudi kwenye fomu hutumwa huko. Watauliza tarehe za kuzaliwa za wazazi wako, muda ulioishi kwenye anwani hiyo, na nchi ulizosafiri kwa miaka 10 iliyopita. Zile safari za Bujumbura na za Uvira kufuata mzigo ni safari, zitaje. Ukisema hujawahi kutoka nchini halafu paspoti ya zamani ina mihuri, umeshaonekana mwongo kwa kitu ambacho hakikuwa na madhara.

Siku ya Dar

Nikishalipa, mfumo unatupeleka kwenye tovuti ya kituo kinachopokea maombi Dar es Salaam, ndipo tunachagua siku na saa. Nitachagua Jumatano, saa nne asubuhi. Jumatatu ingekulazimisha kukaa Dar mwisho wa wiki, na Ijumaa kikitokea kikwazo hakuna siku ya kurekebisha. Kwenye tovuti hiyo watatuonyesha huduma nyingi za kulipia, kama kupewa majibu haraka, ukumbi maalumu na kusaidiwa kuskani karatasi. Hizo si lazima. Karatasi zote nitazipakia mimi kabla ya siku hiyo, bure, ila mdogo wangu azipige picha ukutani mchana, kurasa zote, hata ile ya nyuma yenye muhuri tu.

Basi la kutoka Kigoma linachukua takriban siku nzima, na likiharibika njiani miadi inapotea. Ondoka Jumapili. Ukitaka kupunguza uchovu, panda basi hadi Dodoma, ulale, kisha uchukue treni ya umeme hadi Dar, safari ya kama saa nne tu. Treni ya zamani ya kutoka Kigoma ni nafuu lakini ratiba yake siiamini kwa safari yenye miadi. Hata ukichelewa ukafika Jumanne mchana, unapata usiku mmoja wa kupumzika.

Na vidole, mama mdogo. Mashine inasoma alama za vidole vyote kumi. Usipake hina wala piko kwenye ncha za vidole wiki kadhaa kabla, hata kama kuna harusi, kwa sababu rangi hukaa na mashine hukataa. Ukijikata wakati wa kuandaa samaki, nijulishe tusogeze tarehe mpaka kidonda kipone. Chumvi na kazi za mwaloni hukausha ngozi mpaka mistari inafifia, kwa hiyo paka mafuta ya mgando kila usiku kwa wiki mbili, ila asubuhi ya miadi nawa mikono vizuri ikauke. Wakichukua mara ya kwanza ikakataa, waombe kwa utulivu warudie.

Ingia na paspoti, karatasi ya miadi na orodha ya hati tuliyoichapa. Uliza kama paspoti watabaki nayo. Tazama risiti watakayokupa, isomeke vizuri, uipige picha kabla hujatoka mlangoni. Kabla ya hapo, yaani kabla ya kutoa vidole, tukiona kosa kubwa kwenye fomu tunaweza kufuta maombi tukarudishiwa ada. Baada ya vidole, ada hairudi, viza itoke isitoke. Ndiyo maana usiku wa Jumanne tutaisoma fomu yote tena.

Majibu

Rudi Kigoma, usisubiri Dar. Baruapepe itakuja kusema uamuzi umetoka. Paspoti wakiwa wamebaki nayo, unaweza kusafirishiwa kwa malipo ya ziada, au kaka wa Temeke aichukue kwa barua yako ya idhini na kopi ya kitambulisho. Tukichagua kaka, andika barua hiyo kabla hujaondoka Dar, umwachie pamoja na risiti.

Wakikataa, watatoa barua yenye sababu. Isikutie hofu, ila usiitupe, na usimruhusu mtu aombe upya kesho yake kwa fomu ileile. Kwa viza ya kutembelea, kwa kawaida hakuna rufaa. Unaomba upya ukiwa umejibu kila sababu waliyoandika kwa karatasi mpya, na kwenye fomu mpya unasema wazi kwamba uliwahi kukataliwa.

Kwa sasa nitumie vitu vitatu tu: picha ya kitambulisho cha NIDA, picha ya kadi yako ya benki upande wa jina (namba zifunike kwa kidole), na jibu la Uhamiaji kuhusu cheti cha bibi. Nikishaona majina yanalingana, nitakutumia ile 150,000 ya paspoti.